Namba Mbili za Ukurasa Mmoja

Fundi amesimama mbele ya jenereta ya hospitali iliyogoma kuwaka. Mwongozo wa matengenezo anao kwenye simu: faili la PDF lenye kurasa zaidi ya mia nne, lililopigwa skana kutoka kwenye kitabu cha karatasi. Anatazama yaliyomo na kuona kwamba sura ya mfumo wa mafuta inaanza ukurasa wa 249. Anaandika 249 kwenye kisanduku cha namba, na programu inampeleka ukurasa ambao chini yake pamechapwa 229. Sura anayoitaka iko mbele kidogo, lakini hajui ni mbele kiasi gani, kwa hiyo anaanza kusogeza kwa kidole.

Faili hilo linahitaji vitu viwili. Kwanza ni mti wa alamisho, ile orodha ya vichwa inayofunguka kando ya ukurasa na kumpeleka msomaji kwenye sura anayoigusa. Pili ni viungo vya ndani, ili popote mwongozo unaposema "tazama uk. 212" msomaji aguse namba hiyo na kufika. Vyote viwili vimekuwamo katika muundo wa PDF tangu kampuni ya Adobe ilipoutoa mwaka 1993, na vimeelezwa rasmi katika kiwango cha kimataifa cha ISO 32000 cha mwaka 2008. Hata hivyo miongozo mingi inayozunguka mikononi mwa mafundi wetu haina hata kimoja, kwa sababu ilitoka moja kwa moja kwenye mashine ya skana, nayo skana hutoa picha za kurasa tu.

Kama hati ya awali bado ipo kwenye Word au LibreOffice, makala haya hayakuhusu sana. Hakikisha vichwa vimewekewa mitindo ya vichwa, yaani Heading 1, Heading 2 na kuendelea, kisha hifadhi upya kama PDF. Kwenye Word, ndani ya Options za kuhifadhi, weka alama penye "Create bookmarks using" na uchague "Headings". Kwenye LibreOffice kipengele hicho kinaitwa "Export outlines". Usipitie njia ya kuchapa, ile ya "Print to PDF", kwa maana huko kinachohifadhiwa ni sura ya karatasi tu, na mti wote unapotea. Kazi ngumu ni ya kitabu kilichobaki kwenye karatasi pekee, na ndicho nitakachokifuata hapa kwa mfano mmoja.

Mwongozo wa mfano una sura 12, na faili lililotoka kwenye skana lina kurasa 438. Jalada, dibaji na yaliyomo vinachukua kurasa 16 za mwanzo, ambazo zina namba za Kirumi au hazina namba kabisa. Ukurasa wenye namba 1 ni wa 17 katika faili. Hapo ndipo wengi hufanya hesabu yao ya kwanza na ya mwisho: ukurasa wa faili ni namba ya kitabu ukijumlisha 16. Wanatengeneza alamisho zote kwa kanuni hiyo, wanajaribu tatu nne za mwanzo, wanaona zinafika, wanasambaza faili.

Kanuni hiyo ni sahihi mpaka ukurasa wa 96 tu. Baada ya hapo kitabu kina michoro ya nyaya iliyokunjwa ndani, karatasi pana zilizobandikwa kati ya 96 na 97 bila kupewa namba. Kwenye faili michoro hiyo imechukua kurasa nne. Baada ya ukurasa wa 248 kuna mikunjo mingine mitatu, michoro ya pampu na mabomba ya mafuta. Vitabu vingi vya ufundi vina desturi hii, kwa sababu mchoro mpana huchapwa peke yake na kuingizwa wakati wa kujalidi. Kila mkunjo unasogeza hesabu, na hakuna mahali popote katika yaliyomo panaposema hivyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kugusa programu yoyote ya alamisho, ni kutafuta mahali hesabu inapobadilika. Huna haja ya kupitia kurasa zote 438. Pima tofauti kati ya namba ya faili na namba iliyochapwa katika ncha mbili, kisha gawa katikati. Ukurasa wa 17 wa faili umechapwa 1, tofauti 16. Ukurasa wa mwisho, wa 438, umechapwa 417, tofauti 21. Tofauti hazilingani, kwa hiyo kati yake kuna kilichoongezeka. Ukurasa wa 228 wa faili umechapwa 208, tofauti 20. Basi mabadiliko ya kwanza yako kati ya 17 na 228. Ukurasa wa 70 bado una 16, wa 120 una 20, na ukizidi kugawa unafika kwenye mikunjo yenyewe, kurasa za faili 113 hadi 116.

Nusu ya pili ya kitabu ndiyo yenye jambo zito zaidi. Ukurasa wa faili 333 umechapwa 310, tofauti 23. Lakini mwisho wa faili tofauti ni 21. Imepungua. Tofauti ikiongezeka maana yake kuna karatasi zisizo na namba. Ikipungua maana yake kuna kurasa zilizopotea. Ukurasa wa 334 wa faili umechapwa 313, kumbe 311 na 312, mbele na nyuma ya karatasi moja, hazimo. Karatasi hiyo ilirukwa wakati wa kupiga skana, na aliyekuwa akisimamia mashine hakuona. Hapo fundi angekosa maelezo bila kujua kuwa amekosa, kwa sababu sentensi iliyokatika mwisho wa 310 huenda ikaungana vizuri tu na ile inayoanza 313.

Kuna hali moja ambayo kugawa katikati hakuigundui. Kama mahali fulani ziliongezeka kurasa mbili na mbele yake zikapotea mbili, tofauti katika ncha zote itakuwa sawa na utadhani kati ni salama. Kwa sababu hiyo, mbali na kugawa, fungua pia ukurasa wa kwanza wa kila sura na ulinganishe namba yake na ya kwenye yaliyomo. Kwa sura 12 ni kazi ya dakika chache.

Karatasi iliyopotea irudishwe kabla ya jambo lingine lolote. Ipige skana peke yake, kisha iingize mahali pake. Programu ya qpdf, ambayo ni ya bure, hufanya hivyo kwa amri moja:

```
qpdf mwongozo.pdf --pages . 1-333 karatasi.pdf 1-2 . 334-z -- kamili.pdf
```

Nukta inamaanisha faili lile lile la mwanzo, na z ni ukurasa wa mwisho. Faili sasa lina kurasa 440, na hesabu imekuwa nyepesi. Kurasa za kitabu 1 hadi 96 unazijumlishia 16. 97 hadi 248 unazijumlishia 20. 249 hadi 417 unazijumlishia 23. Mistari hii mitatu ndiyo jedwali la kazi nzima. Iandike mahali, kwa sababu utaitumia kwa alamisho, kwa namba zinazoonekana kwenye kisanduku na kwa viungo.

Kosa la hesabu hapa halijionyeshi lenyewe. Tuseme alamisho ya jedwali la nguvu za kukazia boliti za kichwa cha injini inapaswa kwenda ukurasa wa kitabu 320. Ukijumlisha 16 badala ya 23 utafika 336, ambao kwa kitabu ni ukurasa wa 313. Katika sura hiyo kurasa zote ni majedwali ya boliti, moja kwa kila aina ya injini. Fundi anagusa alamisho, anaona jedwali la boliti, anasoma namba, anakaza. Alamisho iliyokosea kwa kurasa 150 humshtua msomaji, akaiacha. Iliyokosea kwa kurasa saba inaaminika, na kwa mwongozo wa mashine hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko kutokuwa na alamisho kabisa.

Baada ya jedwali, geuza picha ziwe maandishi. Programu ya ocrmypdf huweka maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha ya kila ukurasa, na kwa kitabu cha Kiswahili chenye maneno ya Kiingereza hapa na pale unaiambia itumie lugha zote mbili:

```
ocrmypdf -l swa+eng kamili.pdf maandishi.pdf
```

Alamisho hazihitaji hatua hii, kwa kuwa alamisho ni kichwa cha habari na namba ya ukurasa tu. Viungo ndivyo vinavyoihitaji, maana lazima programu ijue neno "uk. 212" limekaa wapi kwenye karatasi.

Sasa mti wenyewe. Njia ninayoipenda ni ya pdftk, kwa sababu inaweka alamisho zote katika faili la maandishi ya kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, kulisahihisha na kulihifadhi. Kila alamisho ni mistari minne:

```
BookmarkBegin
BookmarkTitle: 7 Mfumo wa mafuta
BookmarkLevel: 1
BookmarkPageNumber: 272
BookmarkBegin
BookmarkTitle: Hewa kwenye mabomba: kuitoa
BookmarkLevel: 2
BookmarkPageNumber: 279
```

Sura ya saba inaanza ukurasa wa kitabu 249, ukijumlisha 23 unapata 272. Kutoa hewa kwenye mabomba kuko 256, unapata 279. Ngazi ya kwanza ni sura, ya pili ni kichwa kilicho chini yake. Usiruke ngazi, yaani usitoke ya kwanza ukaingia ya tatu. Ukimaliza orodha unaiingiza hivi:

```
pdftk maandishi.pdf update_info_utf8 alamisho.txt output mti.pdf
```

Hiyo "utf8" ni muhimu. Maneno ya Kiswahili hayana herufi zenye alama, kwa hiyo mtu anaweza kudhani haina kazi, mpaka kichwa kiwe na alama ya nyuzijoto au ya mikroni, ambazo mwongozo wa injini unazo tele.

Kwa upande wa mti, ufundi wa amri unaishia hapo. Kinachobaki ni uamuzi, na hapa nina msimamo. Watu wengi wanakili yaliyomo kama yalivyo, neno kwa neno, na kuyafanya mti. Yaliyomo ya kitabu yaliandikwa na mtu aliyeijua mashine na kuipanga kwa mifumo yake: upoozaji, ulainishaji, mafuta, umeme. Fundi haji na mfumo, anakuja na dalili. Injini inazunguka lakini haiwaki. Inatoa moshi mweusi ikibeba mzigo. Umeme unapanda na kushuka. Jedwali la dalili na visababishi liko sura ya 11, ukurasa wa 361, ambako hakuna atakayelitazamia.

PDF haikulazimishi ufuate mpangilio wa kurasa. Alamisho ya kwanza kabisa inaweza kuelekea ukurasa wa 384 wa faili, ambao ndio huo wa 361 wa kitabu, na ya pili ikarudi ukurasa wa 17. Kwa hiyo juu ya sura zote 12 weka tawi moja, ulipe jina kama "Ikiharibika", na ndani yake kusanya vile vitu ambavyo mtu huvitafuta akiwa na mikono yenye mafuta: jedwali la dalili, majedwali ya boliti, nafasi za vali, orodha ya filta na namba zake za vipuri. Kisha weka michoro iliyokunjwa. Ile michoro saba haina namba, na kwa kuwa haina namba, waliochapa kitabu hawakuweza kuiweka kwenye yaliyomo. Mchoro wa nyaya ndio ukurasa unaotafutwa kuliko zote, na bado hauna anwani. Kwenye mti unaipata: kurasa za faili 113 hadi 116, na 269 hadi 271.

Vichwa vifupishwe, na neno linalotofautisha litangulie. Nafasi ya kando kwenye simu ni nyembamba na maneno hukatwa. "Utaratibu wa kubadilisha filta ya mafuta", "Utaratibu wa kubadilisha filta ya hewa" na "Utaratibu wa kubadilisha filta ya oili" vikikatwa vitasomeka sawa vyote vitatu. "Filta ya mafuta: kubadilisha" inajieleza hata ikikatwa. Hapa nimeondoka kwenye maneno ya kitabu kwa makusudi, na sioni ubaya, mradi kichwa kilichochapwa kwenye ukurasa kiwe na neno lile lile kuu ili msomaji ajue amefika.

Kuhusu kina, ngazi mbili zinatosha kwa kitabu cha ukubwa huu. Kuna vichwa vidogo vidogo ambavyo ukiviweka vyote utapata orodha ndefu kiasi cha kuhitaji yaliyomo yake yenyewe. Ngazi ya pili iwe imefungwa faili linapofunguliwa, ili msomaji aone tawi la "Ikiharibika" na sura 12 kwa mtazamo mmoja.

Hatua inayofuata ni viungo, na hapa ninatumia maktaba ya Python iitwayo PyMuPDF. Lakini kabla ya viungo, tumia jedwali letu kurekebisha namba zinazoonekana kwenye kisanduku. PDF inaweza kubeba majina ya kurasa yaliyo tofauti na mfululizo wa faili, na ukiyaweka, fundi akiandika 249 kwenye programu inayoyatambua, kama Acrobat, anafika 249 ya kitabu.

```python
import pymupdf, re
doc = pymupdf.open("mti.pdf")
doc.set_page_labels([
  {"startpage": 0, "style": "r", "firstpagenum": 1},
  {"startpage": 16, "style": "D", "firstpagenum": 1},
  {"startpage": 112, "style": "D", "prefix": "Mchoro-", "firstpagenum": 1},
  {"startpage": 116, "style": "D", "firstpagenum": 97},
  {"startpage": 268, "style": "D", "prefix": "Mchoro-", "firstpagenum": 5},
  {"startpage": 271, "style": "D", "firstpagenum": 249},
])
```

Angalia kwamba mahali pa 17 pameandikwa 16, na pa 113 pameandikwa 112. PyMuPDF inahesabu kurasa kuanzia sifuri katika shughuli nyingi, ilhali pdftk inaanza na moja. Anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine lazima alikumbuke hilo, la sivyo kila kiungo kitakosea kwa ukurasa mmoja, na kosa la ukurasa mmoja linajificha vizuri kuliko lile la kurasa saba.

Viungo vyenyewe vinaundwa kwa kutafuta kila penye "uk." likifuatwa na namba, na kuweka mstatili usioonekana juu ya namba hiyo:

```python
def faili(n):
    if 1 <= n <= 96: return n + 16
    if 97 <= n <= 248: return n + 20
    if 249 <= n <= 417: return n + 23

for p in doc:
    w = p.get_text("words")
    for a, b in zip(w, w[1:]):
        m = re.match(r"\d+\b", b[4])
        if m and a[4].lower().strip("(") == "uk.":
            t = faili(int(m.group()))
            if t:
                r = pymupdf.Rect(b[:4]) + (-3, -3, 3, 3)
                p.insert_link({"kind": pymupdf.LINK_GOTO, "from": r,
                               "page": t - 1, "to": pymupdf.Point(0, 0)})
doc.save("viungo.pdf")
```

Mstatili umewekwa juu ya namba peke yake, bila neno "uk.", kwa sababu maalumu. Mara nyingine "uk." linaangukia mwisho wa mstari na namba inaanza mstari unaofuata. Ukiyaunganisha maneno hayo mawili katika mstatili mmoja, utapata mstatili unaofunika mistari miwili yote kwa upana wa ukurasa, na msomaji akigusa popote hapo anarushwa asikotaka. Namba peke yake ni ndogo kwa kidole, ndiyo maana imeongezewa pointi tatu kila upande. Pointi ni sehemu moja ya 72 ya inchi, kwa hiyo tatu ni takriban milimita moja. Usiongeze sana, maana kwenye majedwali mistari imebanana.

Kuna aina ya marejeo ambayo programu hii itayaruka: "uk.212" lililoandikwa bila nafasi, "kurasa 64 na 71", na pale utambuzi wa maandishi uliposoma moja kama herufi l. Haya hayadhuru, kwani namba inabaki pale na msomaji anaweza kuiandika kwa mkono, ikizingatiwa sasa kisanduku kinakubali namba za kitabu. Kinachodhuru ni kiungo kinachoundwa pasipostahili. Mwongozo wa jenereta mara kwa mara huelekeza kwenye kitabu kingine: "tazama uk. 40 wa kitabu cha alternata". Programu haijui kuwa 40 hiyo si ya kitabu hiki. Vilevile picha hafifu inaweza kufanya 283 isomeke 233, na kiungo kikaundwa bila shaka yoyote kwenda 233.

Ndiyo maana baada ya kuunda viungo ninatoa orodha ya vyote, kila kimoja kwenye mstari wake: ukurasa kilipo, sentensi inayokizunguka, na mstari wa kwanza wa maandishi ya ukurasa kinakokwenda. PyMuPDF inatoa viungo vya kila ukurasa kwa `get_links()` na maandishi yaliyo ndani ya mstatili wowote kwa `get_textbox()`, kwa hiyo orodha hiyo si ngumu kuipata. Ugumu ni kuisoma, na lazima isomwe na mtu anayeijua mashine. Mstari unaosema "kwa nafasi ya vali tazama uk. 233" huku upande wa pili umeandikwa "Radieta: kusafisha" unajulikana papo hapo na mtu aliyewahi kufungua injini. Asiyeijua mashine ataupita.

Kwa alamisho fanya vivyo hivyo: kichwa cha alamisho upande mmoja, mistari ya kwanza ya ukurasa upande wa pili. Kisha, kwa macho, fungua sehemu sita: ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kila kipande cha jedwali, yaani kurasa za kitabu 1, 96, 97, 248, 249 na 417. Hizo sita zikifika sawasawa, jedwali ni sahihi, na makosa yanayobaki ni ya namba moja moja.

Jambo moja ambalo watengenezaji wengi wa mafaili haya hawalifikirii ni safari ya kurudi. Fundi anasoma hatua ya sita ya kufungua pampu, anagusa "uk. 320", anakwenda kuona nguvu ya kukazia, kisha anataka kurudi hatua ya saba. Kwenye Acrobat ya kompyuta anabonyeza Alt na mshale wa kushoto. Kwenye simu, programu nyingine zina kitufe cha kurudi na nyingine hazina. Na zipo zinazoonyesha PDF bila kuonyesha mti wa alamisho hata kidogo, hasa faili linapofunguliwa moja kwa moja ndani ya ujumbe lilimotumwa. Kwa ajili ya hao ninaandika neno dogo "Yaliyomo" pembeni mwa sehemu ya chini ya kila ukurasa, kwa `insert_text`, na kuliwekea kiungo cha kwenda kwenye kurasa za yaliyomo. Yaliyomo nayo yapewe viungo, mstari mzima wa kila kichwa kuanzia ukingo wa kushoto hadi namba iliyo kulia, ili kidole kisihitaji kulenga.

Faili jipya lisipelekwe kwa mafundi kabla halijafunguliwa kwenye simu ya bei ya kawaida, ya aina wanayotumia wao. Kompyuta ya mtengenezaji huficha mambo mawili: muda wa kufungua faili zito la picha, na kuruka kwa ukubwa wa ukurasa. Kiungo cha PDF kinaweza kubeba agizo la kuonyesha ukurasa mzima kwenye skrini, nalo likitekelezwa kwenye simu, fundi aliyekuwa amekuza maandishi anarudishwa kwenye herufi zisizosomeka kila anapogusa kiungo. Agizo linalofaa ni lile liitwalo XYZ, lenye ukuzaji sifuri, linaloacha ukubwa ulivyo. Mfano wetu wa PyMuPDF unatumia hilo, lakini programu za madirisha za kuweka viungo kwa mkono mara nyingi hukuuliza, na jibu la kuchagua ni "Inherit Zoom".

Mwisho, hifadhi alamisho.txt, jedwali la mistari mitatu na programu ya viungo pamoja na faili lenyewe, kwenye folda moja. Kitabu kikipata nyongeza, au mtu akileta nakala iliyopigwa skana vizuri zaidi, unapima upya mahali mikunjo ilipo, unabadilisha namba za jedwali na za alamisho, na kuendesha amri zile zile. Aliyeweka viungo kwa mkono, kimoja kimoja, ataanza kazi yote upya.